Choo kigumu kwa mtoto anayeanza uji au aliyebadilishiwa maziwa: anza na chupa, kisha maji, ndipo mikono

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Morogoro Jumatatu moja, kabla hata hakujapambazuka vizuri. "Shikamoo mama mdogo. Mtoto hajapata choo tangu Alhamisi. Jana jioni amejikamua mpaka akalia, kikatoka kidonge kimoja kama mavi ya mbuzi, kina uzi wa damu." Mtoto alikuwa na miezi sita na wiki mbili. Mama yake alikuwa amerudi kazini, kwa hiyo katika muda wa siku kumi mtoto alikuwa ameanza mambo mawili kwa mpigo: uji wa lishe, na maziwa ya kopo mchana huku akinyonya usiku na asubuhi.

Nimefanya kazi ya uuguzi kwenye kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi, na simu ya namna hii naijua. Mama anataka kuambiwa dawa, au anataka kufundishwa kumsugua mtoto tumbo. Kusugua tumbo kunasaidia kweli, na hapa chini nitakueleza mkono unavyopita. Lakini mkono unasogeza kilicho laini. Kama choo kimekauka kwa sababu ya namna maziwa yanavyokorogwa, unaweza kusugua wiki nzima na kikarudi vilevile. Kwa hiyo nitakupeleka kwa utaratibu uleule niliompeleka mpwa wangu.

Hakikisha kwanza kwamba ni choo kigumu

Idadi ya siku peke yake haikuambii kitu. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu, akishapita wiki sita hivi za kuzaliwa, anaweza kukaa siku tano, hata wiki, bila kupata choo, kisha akatoa choo laini cha njano kinachojaza nepi mpaka mgongoni. Huyo hajafunga choo. Maziwa ya mama yametumika mwilini karibu yote na mabaki ni machache.

Kelele nazo zinadanganya. Wapo watoto wadogo wanaokuwa wekundu usoni, wanakunja miguu, wanalia kwa dakika kumi au ishirini, halafu kinatoka choo laini kabisa. Shida ya hao ni kwamba bado hawajajua kusukuma huku wakilegeza njia ya haja kwa wakati mmoja. Wanajifunza wenyewe na hawahitaji dawa.

Unachotakiwa kuangalia ni choo chenyewe. Fungua nepi, ukibonyeze kwa karatasi laini. Kikiwa vidonge vikavu vinavyobingirika, au bonge kubwa gumu lenye nyufa, na mtoto analia kwa maumivu anapokitoa, hicho ni choo kigumu hata kama anakipata kila siku. Uzi wa damu nyekundu iliyo juu ya choo, nje yake, mara nyingi unatokana na mpasuko mdogo kwenye ukingo wa njia ya haja. Damu iliyochanganyika ndani ya choo, au inayorudiarudia, mpeleke akaangaliwe.

Maswali niliyomuuliza kabla hajamgusa tumbo

Nilimuuliza anatapika? Akitapika, matapishi ni ya kijani? Tumbo limejaa na kukaza kama ngoma, au linabonyea? Ana homa? Ananyonya na kucheza? Alipozaliwa, choo kile cheusi cha kwanza kilitoka ndani ya siku mbili? Hili la mwisho mama wengi hushangaa kuulizwa. Mtoto aliyechelewa kutoa choo cha kwanza zaidi ya saa 48, na akawa na shida ya choo tangu wiki zake za mwanzo, huenda sehemu ya mwisho ya utumbo wake haina mishipa ya fahamu ya kuusukuma. Huyo anahitaji daktari, na kubadilisha uji hakutamsaidia.

Kuna hali moja nataka ukae nayo kichwani, kwa sababu huwapata zaidi watoto wa umri huuhuu wa kuanza chakula. Kipande cha utumbo kinaingia ndani ya kipande cha mbele yake, kama mkono wa shati unavyojikunja ndani ukivuliwa kwa haraka. Mtoto analia ghafla kwa nguvu, anavuta magoti tumboni, anapauka, kisha kilio kinakata na anaweza kuonekana mzima au amechoka sana. Baada ya dakika chache kinaanza tena. Anatapika. Baadaye choo kinaweza kuwa na ute na damu kama jeli nyekundu. Ukiona vilio vya kuja na kuondoka namna hiyo, usisugue tumbo na usisubiri jeli ionekane. Peleka hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mtoto wa mpwa wangu hakuwa na lolote kati ya hayo. Tumbo lilikuwa limejaa kidogo lakini linabonyea, na alikuwa akicheza. Hapo tukaingia jikoni.

Kwa nini kinakauka

Utumbo mpana kazi yake kubwa ni kunyonya maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Mabaki yakikaa humo muda mrefu yanazidi kunyonywa na yanazidi kukauka. Choo kikavu kinauma, na mtoto akishaumia mara moja anajibana siku nyingine ili asiumie tena. Anapojibana choo kinakaa zaidi, kinakauka zaidi. Ndiyo maana tatizo lililoanza kwa uji mzito wa siku tatu linaweza kuendelea wiki tatu kama halikukatizwa mapema.

Maziwa ya kopo yana sababu yake ya ziada. Mengi yametengenezwa kwa mafuta yenye mawese, na sehemu ya mafuta hayo ikifika tumboni inaungana na kalsiamu ya maziwa na kuwa kitu kama sabuni ngumu, kisha inatoka na choo. Kwa hiyo mtoto wa kopo kuwa na choo kizito kuliko cha mtoto anayenyonya ni kawaida. Ukibadilisha aina ya maziwa, mpe siku kadhaa, hata wiki, tumbo lizoee kabla ya kubadilisha tena. Nimeona mama akipitia makopo manne kwa wiki mbili, na kila jipya likawa linaanza upya vurugu ileile. Wengine hutafuta maziwa yasiyo na madini ya chuma wakidhani chuma ndicho kinachofunga. Usifanye hivyo. Kiasi cha chuma kilichomo kwenye kopo la mtoto hakifungi choo, na mtoto wa umri huu anakihitaji.

Hatua ya kwanza: korogea chupa mbele ya mtu mwingine

Nilimwambia mpwa wangu amwite dada wa kazi, ampe kopo na chupa, akoroge kama anavyokoroga kila siku, naye aniangalizie na kunisimulia kwenye simu. Dada aliweka unga kwanza. Vijiko vinne, kila kimoja kimejaa mlima, na kila kimoja kakigandamiza ukutani mwa kopo. Halafu akamimina maji mpaka kwenye alama ya 120.

Hapo palikuwa na makosa mawili. Unga unachukua nafasi. Ukiweka vijiko vinne kwanza kisha ukajaza maji hadi alama ya 120, maji uliyoweka hayafiki 120. Yamepungua karibu kijiko kimoja cha chakula. Kwa chupa nne za mchana, mtoto amenyimwa vijiko vinne vya maji. Na kile kijiko cha mlima kilichogandamizwa kinabeba unga mwingi kuliko alivyopima mtengenezaji. Maziwa yanakuwa mazito, figo za mtoto zinahangaika na chumvi, na choo kinakauka. Dada hakuwa na nia mbaya. Alitaka mtoto ashibe mama yake akiwa kazini.

Inavyotakiwa ni hivi. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo, yasikae zaidi ya nusu saa, kwa sababu yanatakiwa kuwa bado moto sana ili yaue vijidudu vilivyomo kwenye unga wenyewe. Mimina maji kwanza. Weka chupa mezani, inama mpaka jicho lako liwe sawa na alama, usiiinue juu kuitazama. Chota unga kwa kijiko kilichokuja na kopo hilohilo, bila kugandamiza, kisha pitisha upande wa nyuma wa kisu kilicho safi na kikavu juu yake, ziada irudi koponi. Makopo mengi ni kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, lakini yapo ya kijiko kimoja kwa 60, na kijiko chake ni kikubwa zaidi. Hili ndilo linalowanasa watu wanapobadilisha aina ya maziwa: wanahama na kijiko cha zamani, au wanahama na hesabu ya zamani. Kopo jipya likija, kijiko cha zamani kitupe, na usome ubavu wa kopo upya. Funga, tikisa, ipoze chupa kwenye bakuli la maji baridi, dondosha tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako kabla ya kumpa.

Kosa la upande wa pili ni kuongeza maji ndani ya chupa ili "kulainisha". Maziwa mepesi yanamnyima mtoto chakula na yanaweza kumshusha chumvi mwilini mpaka akapata degedege. Kipimo cha ndani ya chupa hakiguswi. Maji ya ziada yana mahali pake nje ya chupa ya maziwa.

Hatua ya pili: uji

Unga wa lishe waliokuwa wakiutumia ulikuwa na mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga, vyote kwa pamoja, na bibi mzaa baba alikuwa akiupika mzito, bakuli zima mara tatu kwa siku, tangu siku ya kwanza. Mchana mtoto alikuwa akipewa ndizi iliyopondwa. Nikauliza ndizi hiyo ina rangi gani. "Ya njano, kwenye ncha bado ina kijani." Ndizi ambayo haijaiva sawasawa ina wanga mgumu kusagwa na tumbo la mtoto, na hufunga. Iliyoiva mpaka ganda likawa na madoa meusi haina shida hiyo.

Mtoto wa miezi sita anaanza na vijiko viwili au vitatu vya chakula, mara mbili kwa siku, na kuongezewa polepole kadiri anavyokubali. Maziwa bado ndiyo chakula chake kikubwa. Akijazwa uji mara tatu ananyonya kidogo, na maji mengi anayoyapata mwilini yanatoka kwenye maziwa. Hapo ndipo uji unapofunga choo: unga wenyewe una sehemu yake, lakini zaidi ni kwamba umechukua nafasi ya titi.

Uji usiufanye maji, kwa sababu mtoto atashiba bila kupata lishe. Unatakiwa ukae kwenye kijiko ukikiinamisha, usidondoke kama chai. Lakini kwa wiki hii ya matatizo tulirudi kwenye unga wa aina moja ya nafaka, mpwa wangu alichagua ulezi uliochekechwa, na maziwa yakatolewa kwanza, uji ukafuata. Mlo wa pili ukawa papai lililoiva sana, limepondwa kwa uma, vijiko viwili. Siku ya tatu tukaongeza mchicha uliochemshwa na kupondwa na parachichi. Papai lina maji na nyuzinyuzi kwa pamoja, ndiyo maana nalipenda kuliko kumwongezea pumba kwenye uji. Pumba bila maji ya kutosha zinazidisha bonge. Embe lililoiva linafaa, na peasi lililopikwa na kupondwa linafaa sana kwa sababu lina sukari ya asili ambayo utumbo hauinyonyi yote, hivyo inavuta maji kwenye choo. Wali na viazi mviringo vilivyopondwa vipumzishwe mpaka choo kitakapokuwa laini. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji chake yasubiri mwaka mmoja, na chai isiwepo kabisa.

Hatua ya tatu: maji, na kiasi chake

Akishaanza kula, mtoto wa miezi sita na kuendelea anaruhusiwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa. Mpwa wangu alikuwa bado anaogopa kumpa hata tone, kwa sababu kliniki alifundishwa vizuri kwamba miezi sita ya kwanza ni titi tu. Tulianza na vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, baada ya kila mlo wa uji au papai, kisha vijiko viwili vingine asubuhi na viwili jioni, katikati ya mlo na mlo. Jumla ilikuwa mililita 120 kwa siku, robo tatu ya kikombe kidogo cha chai. Kwa umri wa miezi sita hadi mwaka usivuke 240 kwa siku nzima, na usimpe kabla hajanyonya, maana tumbo lake ni dogo na maji yatakula nafasi ya maziwa. Tumia kikombe au kijiko. Chupa inamfanya anywe mengi bila wewe kujua.

Angalia nepi. Mkojo mweupe au wa njano hafifu, nepi sita hivi zilizolowa kwa saa 24, maana yake maji yanatosha. Mkojo wa njano iliyokolea wenye harufu kali unasema bado.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita usimpe maji haya kwa uamuzi wako. Anayenyonya tu hayahitaji kabisa. Anayetumia kopo na ana choo kigumu, sahihisha ukorogaji, fanya masaji, na mpeleke kliniki. Wao wakiona inafaa watakwambia umpe kiasi gani kati ya mlo na mlo.

Hatua ya nne: mikono tumboni

Chagua muda ambao ametulia, angalau nusu saa hadi dakika 45 tangu ale, la sivyo atatapika. Mlaze chali kitandani juu ya khanga iliyokunjwa, funga dirisha kama kuna upepo. Sugua viganja mpaka vipate joto, tia matone machache ya mafuta ya nazi. Vua pete.

Sasa upande. Utumbo mpana unaanzia chini kulia kwa mtoto, unapanda mpaka chini ya mbavu, unavuka juu ya kitovu, unashuka kushoto kwake. Wewe unamtazama, kwa hiyo kulia kwake ni mkono wako wa kushoto. Unapita kama mshale wa saa. Akina mama wengi wanaokuja kwangu wanasugua kinyume, na mimi huwachorea mshale kwenye tumbo la mtoto kwa kalamu ili wakumbuke.

Weka kwanza kiganja kizima juu ya kitovu, usikisogeze, mpaka ahisi joto na alegee. Kisha anza na mwisho wa njia, kwa sababu kilicho mbele kikitoka ndipo cha nyuma kinapata nafasi: kwa vidole viwili au vitatu teremsha kutoka chini ya mbavu zake za kushoto hadi karibu na nyonga, polepole, mara kumi. Halafu anzia chini ya mbavu za kulia, vuka juu ya kitovu, ushuke kushoto, mara kumi. Mwisho fanya njia nzima: panda kulia, vuka, shuka kushoto, mara kumi. Malizia kwa mizunguko mipana ya kiganja. Dakika tano hadi saba zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku.

Nguvu yake ni ile ya kukandamiza chapati iliyoiva bila kuipasua. Ngozi ibonyee kidogo, isiwe ya kugusa juujuu tu, maana mguso mwepesi unamtekenya na anakaza tumbo. Upande wa kushoto chini unaweza kuhisi kitu kama soseji ngumu. Hicho ndicho choo chenyewe. Usikibane. Pita juu yake tu. Akikaza tumbo au akilia, nyanyua mikono, mbebe, jaribu baadaye. Kama kitovu hakijakauka, usisugue hapo.

Hatua ya tano: baiskeli

Palepale alipolala, shika miguu chini ya magoti, si kwenye vifundo, maana ukivuta vifundo unasumbua goti. Peleka goti la kulia tumboni huku la kushoto likinyooka, badilisha, kama anaendesha baiskeli taratibu. Zungusha mara kumi, pumzika. Kisha sukuma magoti yote mawili pamoja kuelekea tumboni, yakae hapo ukihesabu mpaka tano, achia. Rudia mara tano. Mara nyingi hewa hutoka hapa. Mkao ule wa magoti kifuani unanyoosha njia ya haja, ndiyo maana mtu mzima akichuchumaa anapata choo kirahisi kuliko akilala.

Ukimaliza, umweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika tano hadi kumi, usimwache hata sekunde. Kwa mwenye mpasuko, paka vaselini kidogo ukingoni, nje tu, kabla ya muda anaopata choo kwa kawaida.

Yasiyoingizwa na yasiyonyweshwa

Siku ileile jirani alikuwa ameshakata kipande cha sabuni, kimechongwa kama kalamu. Sabuni inachoma utando laini wa njia ya haja. Inaleta choo kwa kuunguza, na mpasuko unaokuwepo unakuwa kidonda. Bua la jani la mpapai na ncha ya kipimajoto vinaweza kutoboa. Enema ya nyumbani na mafuta ya nyonyo navyo visitumike. Dawa ya kupachika ya gliserini ipo, ila itumike kwa maelekezo ya kliniki, na isizoeleke.

Asali nayo, ambayo kwetu hupakwa ulimini kwa nia njema, isitumike kabla ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vimelea vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, na dalili ya kwanza ya sumu hiyo kwa mtoto huwa ni kufunga choo. Mtoto aliyefunga choo huku ananyonya bila nguvu, sauti ya kilio imekuwa dhaifu na shingo imelegea, akimbizwe hospitali, na waambie kama alipewa asali.

Siku zilivyokwenda

Jumatatu: chupa zilisahihishwa, maji mililita 120, masaji asubuhi na jioni. Ikatoka hewa tu. Mpwa wangu akataka kukata tamaa, nikamwambia choo kilichokaa siku nne hakilainiki kwa jioni moja. Jumanne alipata kidonge kimoja, bila damu. Jumatano asubuhi, dakika chache baada ya baiskeli, kilitoka kifundo kigumu kilichofuatwa na choo laini cha rangi ya ulezi, kingi. Mtoto alilala saa tatu mfululizo. Ijumaa choo kilikuwa kama ugali laini wa moto.

Tulikuwa tumekubaliana tangu Jumatatu kwamba kama Alhamisi ingefika bila mabadiliko, au tumbo likakaza, au akakataa kunyonya, angempeleka kliniki akiwa na kadi yake. Huko wanaweza kumpa laktulosi, dawa ya maji yenye utamu inayobaki kwenye utumbo na kuvuta maji. Kipimo chake kinatoka kwao. Kama mtoto ameandikiwa matone ya chuma, uwatajie, maana kwa kiwango cha dawa yanaweza kukaza choo na kukifanya cheusi, lakini usiyakate mwenyewe. Choo kigumu kikiendelea baada ya wiki mbili za kufanya haya yote, au kikianza mara tu baada ya kuingia maziwa ya kopo pamoja na vipele au damu, nako ni kliniki, waangalie kama mwili wake unakataa protini ya maziwa ya ng'ombe.

Mpwa wangu aliendelea na masaji mara moja kwa siku kwa wiki mbili zaidi, ili mtoto asahau yale maumivu na aache kujibana. Uji wa unga mchanganyiko ulirudi baadaye, vijiko vichache, na papai likabaki. Kwenye mlango wa kabati la jikoni dada amebandika karatasi kwa mwandiko wake mwenyewe: maji kwanza, kijiko sawasawa, usigandamize.